Mguu Unaokuamsha Usiku: Namna ya Kutambua Kama ni Msuli, Hamu ya Kutembea au Damu Isiyofika

Hapa Pemba karibu kila maumivu ya mguu ya usiku huitwa "mishipa", na tiba yake huwa ni ile ile, yaani kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta ya makonyo. Katika kituo cha afya ninachofanyia kazi, nje kidogo ya Wete, huanza na suali moja kabla sijaugusa mguu: yakikuamsha, hufanya nini hata ukapata nafuu?

Hatua ya kwanza: sikiliza jawabu la suali hilo.

Anayesema kwamba huunyoosha mguu, kwa kawaida msuli wake umekaza. Maumivu huja ghafla, shavu la mguu huwa gumu kama jiwe ukilishika, na baada ya sekunde chache au dakika chache huachia, likabaki linauma hadi asubuhi. Anayesema kwamba huinuka akazunguka chumbani, mara nyingi hana maumivu hasa. Ana mnyeo wa ndani na hamu ya kuitikisa miguu, ambayo huanza jioni anapotulia, hukoma anapotembea, na hurudi mara tu anapolala tena. Wa tatu hukaa kitako na kuuning'iniza mguu kando ya kitanda. Huyo ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu mguu ukiteremshwa damu husaidiwa na uzito wake kufika kwenye vidole, na mguu unaohitaji msaada huo una mshipa wa damu uliobana.

Mzee mmoja wa miaka 66, mchumaji karafuu wa zamani, alikuja akilalamika kwamba misuli inamkaza kwa miezi mitatu. Nilipomuuliza suali langu, alijibu, "Mwanangu, mimi siku hizi nalala kitako, mguu chini." Alikuwa na kisukari, alivuta sigara tangu ujanani, na alipokwenda msikitini ilimlazimu kusimama njiani mara mbili, shavu la mguu likiuma, kisha dakika mbili tatu za kusimama zikamtosha kuendelea.

Hatua ya pili: utazame mguu na utafute mapigo.

Weka vidole viwili, si dole gumba, upande wa juu wa mguu, si kwenye wayo, ukifuata mstari unaopanda kutoka kati ya kidole kikubwa na cha pili, na ubonyeze kidogo tu. Kwa baadhi ya watu wazima wa afya pigo hilo halipatikani, kwa hiyo tafuta pia nyuma ya fundo la ndani la mguu. Kisha mlaze mgonjwa, uinue mguu kwa dakika moja na utazame wayo, kwani kwa ngozi yetu nyeusi weupe huonekana pale kwanza. Mguu wa kulia wa mzee wetu ulikuwa baridi, haukuwa na pigo hata moja, wayo ulipauka, na katikati ya vidole palikuwa na kidonda ambacho hakukihisi; maji ya moto ya kukandia ndiyo yaliyomuunguza. Nilimwandikia rufaa siku ile ile.

Hatua ya tatu: tibu kilichopo.

Msuli ukikaza, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi mpaka uachie. Kila usiku kabla ya kulala, simama ukiutazama ukuta, visigino vikiwa chini, uegemee mbele kwa sekunde 30, mara tatu. Usikate tamaa kabla ya wiki kadhaa. Kwinini ya malaria, ambayo wazee wengine bado huiulizia, siishauri, kwani inaweza kuvuruga moyo na damu.

Kwa hamu ya kutembea, omba upimwe damu na akiba ya chuma, hasa ukiwa mjamzito au ukiwa na hedhi nyingi. Chai ya rangi inywe mbali na chakula, kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa. Taja dawa unazotumia, maana vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika huizidisha hali hiyo.

Mguu usiopata damu usikandwe kwa moto. Acha sigara, dhibiti sukari, na ufike hospitali.

Wakati wa kutongoja asubuhi.

Mguu ukiwa baridi na kupauka ghafla, ukauma sana au ukafa ganzi, saa chache zinaweza kuamua kama utaokolewa. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usichuliwe kabisa, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda, na ikiondoka hapo huenda kwenye mapafu. Pumzi ikikubana pia, hiyo ni dharura.

Ukifika dirishani usiseme "mishipa", bali sema unachofanya hata upate nafuu, mguu ni upi, na kama una kidonda.