Muziki usimeze sauti ya msimulizi

Tuseme una video ya dagaa wanaoshushwa Mwaloni, Kirumba, msimulizi anaeleza bei na chini yake kuna muziki. Kuushusha muziki wote kwa kiwango kimoja hakusaidii sana, kwani pasipo maneno video inapooza. Uache ujishushe wenyewe msimulizi anapoongea. Kwenye programu ya kuhariri sauti ya Audacity, weka traki ya muziki juu na ya sauti chini yake moja kwa moja, chagua muziki, kisha fungua Auto Duck.

Kushusha desibeli 12 ni mwanzo mzuri. Kinachoharibu kazi za wengi ni Maximum pause, yaani muda wa ukimya unaosubiriwa kabla muziki haujapanda tena. Ikibaki sekunde 1, na msimulizi wako ni wa kuongea taratibu, muziki utaruka juu kila anapovuta pumzi, halafu ushuke tena. Utausikia ukiyumba hata ukifumba macho. Ipandishe hadi sekunde 2 au 3, muziki utulie chini mpaka aya iishe.

Mchanganyiko ukikamilika, ndipo upime ukubwa wa sauti yote. Kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla, YouTube hushusha kinachozidi takriban -14 LUFS, lakini kilicho chini yake hakipandishi. Kwa hiyo lenga hapo hapo, na kilele kisipite -1 dB. Kuzidisha ni kujisumbua bure.

Mwisho sikiliza kwa spika ya simu, si hedifoni. Neno lolote la bei likipotea, ongeza desibeli 3 za kushusha.