Somo: Shiti ya kufuatilia manunuzi, matumizi na asilimia ya gharama ya chakula jikoni

Wadau, hili somo ni la mwenye hoteli ndogo, kibanda au jiko la kupika oda hapa Nairobi, unaenda Marikiti asubuhi, jioni unaangalia till ya M-Pesa na hujui pesa iliishia wapi. Tutatumia Google Sheets kwa simu au laptopu, kurasa tatu tu.

Kwanza kitu kimoja kieleweke, manunuzi sio matumizi. Wengi wanachukua pesa walizonunulia vitu wanagawa na mauzo wanasema hiyo ndio gharama ya chakula, na hapo ndio wanapotea. Matumizi ni stoki uliyoanza nayo, ongeza ulichonunua, toa kilichobaki. Shiti yote imejengwa juu ya hiyo hesabu.

Ukurasa wa kwanza, uite Manunuzi. Safu A ni Tarehe, B Bidhaa, C Kiasi, D Kipimo, E Pesa. Kila kitu kinachoingia jikoni kinapata mstari wake, hata dania ya ishirini. Jaza siku hiyo hiyo, ukingoja Jumapili utakuwa unabahatisha. Majina ya bidhaa usiandike kwa mkono kila mara, chagua safu B, ingia Data kisha Data validation uweke orodha ya kuchagua, kwa sababu mtu akiandika "Nyanya" na nafasi moja mbele, shiti inaona ni bidhaa nyingine na pesa yake haihesabiwi popote.

Tarehe nazo zinasumbua sana. Kama shiti iko na mpangilio wa Marekani, 03/04 inasomwa Machi tarehe 4 na sio Aprili tarehe 3. Ingia File, Settings, kwa Locale weka United Kingdom, siku itatangulia mwezi. Halafu angalia, tarehe iliyoeleweka inakaa upande wa kulia wa seli, ikikaa kushoto jua shiti imeichukua kama maandishi.

Ukurasa wa pili ni Mauzo. A Tarehe, B Pesa, yaani till na keshi pamoja. Kama unauza soda na hujaziweka kwa manunuzi, zitoe pia kwa mauzo. Na kama unatoza VAT ya 16%, gawa na 1.16 kwanza, hiyo pesa sio yako.

Ukurasa wa tatu ndio moyo, Stoki. B1 weka tarehe ya kuanza wiki, B2 ya kumaliza. Mstari wa 4 ni vichwa: A Bidhaa, B Thamani ya mwanzo, C Manunuzi, D Kiasi kilichobaki, E Bei ya kipimo, F Thamani iliyobaki, G Matumizi. Bidhaa zianze mstari wa 5, na hizi ziende C5, F5 na G5:

```
=SUMIFS(Manunuzi!E:E,Manunuzi!B:B,A5,Manunuzi!A:A,">="&$B$1,Manunuzi!A:A,"<="&$B$2)
=D5*E5
=B5+C5-F5
```

Vuta hadi chini mpaka mstari wa 30. Wewe kazi yako ni D na E, Jumapili usiku jiko likifungwa unapima kilichobaki kwa mizani na kuandika bei ya mwisho uliyonunulia. Unga ukinunua kwa beli, kumbuka beli ni paketi 12 za kilo mbili, kwa hivyo kama D umeandika paketi, E iwe bei ya paketi. Ukichanganya hapo, safu G inakuja na namba hasi au namba kubwa ya ajabu, ndio utajua.

Asilimia iweke G32 na uifomati kama asilimia:

```
=SUM(G5:G30)/SUMIFS(Mauzo!B:B,Mauzo!A:A,">="&$B$1,Mauzo!A:A,"<="&$B$2)
```

Wiki mpya, nakili ukurasa wa Stoki, badilisha tarehe, chukua safu F ya wiki iliyoisha uibandike kwa B kwa Paste special, Values only. Ukibandika kawaida fomula itahama na utaona `#REF!`.

Sasa mfano, bei ni za kufundishia. Wiki ya kwanza jiko lilianza na stoki ya 9,500, likanunua vitu vya 68,000 kwa sababu mchele na unga vilichukuliwa kwa wingi, ikabaki stoki ya 27,500. Matumizi ni 50,000. Mauzo 125,000, kwa hivyo asilimia ni 40. Aliyeangalia manunuzi peke yake angeona 54.4 na ashtuke bure.

Wiki ya pili mauzo ni yale yale 125,000, manunuzi 34,000 tu. Kwa hesabu ya manunuzi ni 27.2, mtu anafurahi kabisa. Lakini stoki ilianza 27,500 ikaisha 8,000, matumizi ni 53,500, yaani asilimia 42.8. Jiko limeharibika kidogo na hesabu ya haraka inasema limeimarika!

Tafuta ni wapi. Linganisha safu G ya wiki mbili, bidhaa kwa bidhaa. Hapa ni nyama, G inasoma 21,600, gawa na bei ya 600 unapata kilo 36. Sahani za nyama zilizouzwa ni 200, kila moja imepangiwa gramu 150 za nyama mbichi, hiyo ni kilo 30. Kilo 6 hazijulikani zilipo, na thamani yake, 3,600, inazidi kidogo ongezeko lote la 3,500.

Usikimbilie kumwita mpishi mwizi. Pima nyama ikifika, na mizani yako, sio ya bucha. Kisha mwambie mpishi agawe sahani kumi kabla ya kupika na upime kila moja, kwa sababu nyama ikiiva inapungua uzito na ukipima kwa upawa hutajua chochote. Zote mbili zikiwa sawa, basi angalia sahani zilizotoka bila kuandikwa.

MASWALI

Swali: Mkuu, sukuma nanunua kwa fungu, nitaipima aje?
Jibu: Usiipime dada. Sukuma, dania na mboga za kuisha siku hiyo ziandike Manunuzi, kwa Stoki D iwe 0, shiti itazihesabu zote kama zimetumika. Nyanya za kreti zinakaa siku kadhaa, hizo zipime.

Swali: Chakula cha wafanyakazi kinaingia wapi?
Jibu: Kisipoandikwa kitaonekana kama hasara ya jikoni. Andika sahani walizokula kila siku, uzidishe na gharama ya vitu vya sahani moja, sio bei ya menyu, halafu utoe kwa matumizi kabla ya kugawa na mauzo. Ile ni gharama ya wafanyakazi.

Swali: Lazima nihesabu stoki kila usiku ndugu? Tunafunga saa tano.
Jibu: Hapana. Vyote mara moja kwa wiki, lakini nyama na mafuta kila usiku, dakika chache tu. Hivyo ndivyo vya bei na ndivyo vinapotea, na ukingoja Jumapili utajua kilo 6 zimeenda lakini hutajua ni zamu ya nani.

Swali: Naweza tumia Eksel bila intaneti?
Jibu: Ndio, fomula ni hizo hizo. Shida ni moja, shiti ikikaa kwa kompyuta moja, anayepokea mzigo asubuhi hawezi kujaza kwa simu yake, na risiti za Marikiti ni nadra sana kupata.