Somo: Kuhifadhi kichwani Preludi ya Bach ya do meja, na kuweza kuianzia popote

Wanafunzi wengi wa kinanda hapa Bukavu huanza na preludi hii ya kwanza katika kitabu cha Bach cha mwaka 1722. Ina vipimo 35 tu, mwendo wake ni uleule karibu mwanzo hadi mwisho, na vidole huizoea upesi. Hapo ndipo hatari ilipo. Vidole vinaweza kuipiga yote nyumbani bila kichwa kujua kitu, halafu mbele ya watu nota moja ikiteleza, mpigaji hana pa kushika. Inabidi arudi mwanzo, na wasikilizaji wote wanaona.

Somo hili ni kwa anayeweza tayari kuipiga akisoma karatasi ya nota, hata polepole, na sasa anataka kuiacha karatasi nyumbani.

Hatua ya 1: Igawe kwa akordi, usiigawe kwa mistari ya ukurasa

Kila kipimo, isipokuwa 3 vya mwisho, kina nota 5: mkono wa kushoto hupiga 2, wa kulia 3, zile 3 zinarudiwa, kisha kipimo chote kinapigwa mara ya pili. Kwa hiyo kuhifadhi kipimo ni kuhifadhi akordi moja. Bonyeza nota zote 5 kwa pamoja, taja jina la besi kwa sauti, kisha nenda kwenye inayofuata. Kipimo cha 1 ni do mi sol do mi. Cha 2 do re la re fa. Cha 3 si re sol re fa. Cha 4 kinarudi kilekile cha 1.

Mimi nagawa hivi: 1–4, 5–11, 12–19, 20–23, 24–27, 28–31, 32–35. Mwisho wa mstari kwenye karatasi ni mahali mchapaji alipoishiwa na nafasi. Muziki haupumziki hapo, nawe usikate hapo.

Shika kipande kimoja kwa siku, viwili kama ni vyepesi. Kesho yake, kabla ya kufungua karatasi na kabla ya kupasha vidole moto, kipige. Kikitoka, kimeingia. Kikikataa, jana kilikaa vidoleni tu.

Hatua ya 2: Tafuta njia panda

Kazi kubwa ya somo iko hapa. Kipimo cha 18, cha 27 na cha 31 ni kitu kimoja: sol re sol si fa. Nota zilezile, mahali palepale pa kinanda. Lakini kila mara njia ya kutokea ni nyingine. Isitoshe, cha 26 na cha 30 navyo ni sawa kabisa (sol re sol do fa), kwa hiyo vidole vinafika njia panda vikiwa vimepita barabara ileile. Ndiyo maana utasikia mtu anazunguka 28, 29, 30, 31, kisha anajikuta tena 28. Au anaruka kutoka 27 hadi 32 na preludi inaisha mapema, bila yeye mwenyewe kujua nini kimepotea.

Jifunze njia tatu hizo kwa kuangalia kila sauti inakwenda wapi:

Kutoka 18 kwenda 19 unarudi nyumbani: do mi sol do mi, akordi ya kipimo cha 1, ila oktavu moja chini.

Kutoka 27 kwenda 28 besi ya sol inabaki, na sauti 4 za juu yake zote zinapanda: re inakuwa mi bemoli, sol inakuwa la, si inakuwa do, fa inakuwa fa diezi.

Kutoka 31 kwenda 32 ni kushuka. Besi inaanguka kwenye do ya chini, re inakwenda do, si inakuwa si bemoli, fa inakuwa mi. Sol ya katikati peke yake ndiyo inabaki.

Basi shika hivi: 27 inapanda, 31 inashuka. Na ili ujue uko mzunguko gani kabla hujafika, sikiliza nota ya juu: kipimo cha 25 kina mi juu, cha 29 kina sol juu. Ukisikia ile sol, jua mlango unaofuata ni wa kushuka.

Hatua ya 3: Piga bila kinanda

Kinanda cha parokia hatukipati kila siku, na umeme ukikatika hakilii. Kaa, mikono mapajani, fumba macho. Kwa kila kipimo ona vitufe, taja besi, imba nota ya juu kimoyomoyo. Ukipiga kwa mapigo 70 kwa dakika, preludi yote inachukua dakika 2 hivi. Kichwani ipe muda mrefu zaidi. Mahali picha inapofifia, au vidole vinapotaka kutikisika ili vikusaidie, ndipo pasipojulikana. Usiparuke. Fungua karatasi, angalia kipimo hicho kimoja, funga, endelea.

Hatua ya 4: Anzia katikati

Andika 1, 5, 12, 20, 24, 28 na 32 kwenye vikaratasi 7. Changanya, vuta kimoja, anzia hapo papo hapo bila kupiga kipimo cha nyuma yake. Ukilazimika kupiga 27 ili uipate 28, mlango wa 28 bado haujafunguka. Mara nyingine anza na 32 hadi mwisho, kisha 28 hadi mwisho, kisha 24, ukirudi nyuma hivyo. Faida yake ni kwamba kadiri unavyosonga mbele siku ya kupiga, unaingia mahali unapopajua zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kitabu changu kina vipimo 36. Nimehesabu vizuri?*

Umehesabu vizuri, dada. Matoleo fulani ya zamani yana kipimo cha ziada kati ya 22 na 23, kinachoitwa cha Schwencke. Gounod naye alikitumia katika Ave Maria aliyoijenga juu ya preludi hii, kwa hiyo waimba kwaya masikio yao yamekizoea. Kifute, au ongeza 1 kwa kila namba kuanzia hapo.

*Niko Goma. Nikifumba macho nasikia muziki vizuri sana lakini sioni vitufe. Inatosha?*

Haitoshi, kaka. Unachosikia ni sauti ya juu, na besi inakuponyoka. Jaribu kutaja besi peke yake kuanzia 5 hadi 11: do, do, si, si, la, re, sol. Ukikwama kwenye la, umepata kazi ya leo.

*Nikipotea mbele ya watu, nirudi nyuma kidogo?*

Usirudi. Ruka mbele hadi mlango ulio karibu. Ukipotea kwenye 21, weka besi kwenye sol na uingie 24. Wengi watasikia kwamba muziki umesonga mbele, na hawatajua vipimo 2 vimebaki nyuma. Lakini kuruka huku kufanyie mazoezi nyumbani: mwombe mtu apige makofi wakati wowote, nawe ukisikia kofi acha ulipo, nenda mlango unaofuata bila kupoteza pigo.