Katazo la Kiafya Chini ya Ibara ya XX: Jinsi ya Kulipima Mpaka Kwenye Kifungu cha Utangulizi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika au kukagua kanuni inayozuia bidhaa kutoka nje kwa sababu ya maadili ya umma, afya au mazingira, na anayetaka kujua kama kanuni hiyo itasimama mbele ya Shirika la Biashara Duniani (WTO). Utetezi wake unatoka katika Ibara ya XX ya Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara (GATT). Aya (a) inahusu maadili ya umma, aya (b) inahusu uhai na afya ya watu, wanyama na mimea, na aya (g) inahusu maliasili zinazoweza kwisha. Kabla ya aya hizo kuna kifungu cha utangulizi chenye sharti lake, na kanuni nyingi zilizokwisha kuvuka aya hukwama hapo. Mara nyingi kinachoziangusha ni msamaha uliochomekwa ndani yake kwa sababu isiyohusiana na lengo, huku lengo lenyewe likiwa safi kabisa.

Tutaifuata kesi moja toka mwanzo hadi mwisho: kesi ya matairi ya Brazil, namba DS332, iliyofunguliwa na Jumuiya za Ulaya, ikasikilizwa kwanza na jopo la WTO, kisha ikaamuliwa na Chombo cha Rufaa cha WTO Desemba 2007.

Hatua ya 1: Andika kanuni nzima, pamoja na misamaha yake

Mwaka 2004 Brazil ilipiga marufuku kuingiza matairi yaliyovishwa mpira mpya, yaani matairi kuukuu yaliyoondolewa sehemu iliyochakaa na kuvishwa nyingine. Faini ilikuwa reais 400 kwa kila tairi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: matairi yaliyotupwa hushika maji ya mvua, mbu wanaoeneza dengi, homa ya manjano na malaria huzaliana humo, na marundo ya matairi yakishika moto hutoa moshi wenye sumu.

Hapo watu wengi huacha kuandika, na ndipo makosa yanapoanza. Endelea na orodha. Matairi ya aina hiyo hiyo kutoka nchi za Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya Amerika ya Kusini ambayo Brazil ni mwanachama wake, yaliruhusiwa, kwa kuwa mwaka 2002 baraza la usuluhishi la Mercosur liliipa Uruguay ushindi dhidi ya Brazil. Zaidi ya hapo, baadhi ya mahakama za Brazil zilitoa amri za muda zilizoruhusu kampuni za ndani kuingiza matairi yaliyotumika ili zikayavishe mpira zenyewe. Amri hizo hazikuwa sehemu ya katazo, tena zililipinga, lakini nazo zinaingia kwenye orodha. Kifungu cha utangulizi kinapima namna kanuni inavyotumika kwa vitendo, na mbele ya WTO matendo ya mahakama ni matendo ya nchi.

Kisha taja wajibu unaovunjwa. Hapa ni Ibara ya XI:1, inayokataza vizuizi vya kuingiza bidhaa ambavyo si ushuru wala kodi. Ibara ya XX ni kinga tu, nayo huvaliwa baada ya kosa kuonekana. Mzigo wa kuthibitisha kinga hiyo ni wa mlalamikiwa.

Hatua ya 2: Chagua aya, kisha shika neno lake

Aya (a) na (b) zinadai kanuni iwe ya *lazima* kwa lengo. Aya (g) inadai kanuni iwe *inahusiana na* uhifadhi, sharti ambalo ni jepesi kidogo, lakini inaongeza jingine: lazima kuwe na mipaka ya namna hiyo kwa wazalishaji au watumiaji wa ndani pia. Ukijenga hoja ya lazima chini ya (g), umejibebesha mzigo usiodaiwa. Ukijenga hoja ya uhusiano tu chini ya (b), hujafika. Brazil ilichagua (b).

Anza na aya ndipo uende kwenye utangulizi. Katika kesi ya 1998 kuhusu kamba wa baharini waliozuiwa kuingia Marekani, jopo lilianza na utangulizi, na Chombo cha Rufaa kikatengua njia hiyo. Kama hujajua kanuni inalinda nini, huwezi kupima kama inabagua isivyo haki.

Hatua ya 3: Pima ulazima

Vitu vitatu huwekwa kwenye mizani: uzito wa lengo, mchango wa kanuni katika kulifikia, na ukubwa wa kizuizi kwa biashara. Baada ya hapo linakuja swali la njia mbadala.

Afya ya binadamu ina uzito mkubwa, hilo halikuwa na ubishi. Kazi ilikuwa kwenye mchango. Katazo kamili ni kizuizi kizito kuliko vyote, kwa hiyo Chombo cha Rufaa kilitaka mchango wa maana, si wa juu juu tu. Hoja ya Brazil iliingia akilini namna hii: tairi la gari dogo huvishwa mpira mara moja tu katika uhai wake. Likiingizwa likiwa limekwisha kuvishwa, limebakiza safari moja, kisha ni taka. Likiingizwa jipya, au likitengenezwa nchini, bado linaweza kuvishwa huko huko na kurefusha maisha yake. Basi kuzuia yaliyovishwa nje kunapunguza idadi ya matairi yanayofika jalalani.

Brazil haikuwa na takwimu za kuonyesha kwamba visa vya dengi vilipungua kwa kiasi fulani, na haikudaiwa kuwa nazo. Mchango unaweza kuonyeshwa kwa tarakimu au kwa hoja ya kimantiki, mradi kila kiungo cha hoja kiwe na ushahidi. Ukikosa takwimu, andika mnyororo wa sababu na matokeo kiungo kwa kiungo, na chini ya kila kiungo weka ushahidi wake. Kiungo kilichoachwa wazi ndicho mlalamikaji atakachokivuta.

Kuhusu njia mbadala, mlalamikaji ndiye anayezitaja; wewe ndiye unayeonyesha kwa nini hazifai. Jumuiya za Ulaya zilitaja kufukia matairi, kuyahifadhi kwa marundo, kuyachoma kwenye tanuri za saruji na kuyasaga yatumike kwa mengine. Zikashindwa: kufukia, kurundika na kuchoma kuna hatari zake kwa afya, na kusaga ni ghali na hakumalizi shehena yote. Tofauti kubwa ni kwamba njia hizo zinashughulikia taka ikiwa imekwisha kuwepo, ilhali katazo linaizuia isizaliwe. Brazil ikavuka aya (b).

Hatua ya 4: Uliza kila msamaha sababu yake

Kifungu cha utangulizi kinakataza kanuni isitumike kwa namna inayoleta ubaguzi wa kiholela au usio na haki kati ya nchi zenye hali zinazofanana, wala isiwe kizuizi cha biashara kilichojificha. Njia ninayoiamini ni kuandika kila msamaha kwa sentensi moja: *tunamruhusu fulani kwa sababu kadha*. Kisha funika nusu ya kwanza, usome sababu peke yake, na ujiulize kama inatumikia lengo ulilotetea katika hatua ya 3.

Jaribu kwa Brazil. *Tunaruhusu matairi ya Mercosur kwa sababu baraza la usuluhishi limetuamuru.* Tairi lililovishwa Uruguay likitupwa hushika maji sawasawa na lililovishwa Ulaya. Sababu ni ya kweli, imetoka kwenye chombo halali, lakini haihusiani na mbu wala moshi.

Jopo lilikuwa limeona vinginevyo: kwa kuwa matairi kutoka Mercosur yalikuwa machache, halikuona kasoro katika msamaha huo. Chombo cha Rufaa kilikataa kipimo hicho cha wingi. Kinachoangaliwa ni sababu ya ubaguzi, na msamaha usio na uhusiano na lengo ni ubaguzi usio na haki hata shehena ikiwa ndogo. Kwa maoni yangu huu ndio mstari wa kesi hii unaofaa kukumbukwa kuliko yote, maana hoja ya “ni kidogo tu” bado hujitokeza katika rasimu nyingi.

Chombo cha Rufaa kiliona pia kwamba mbele ya baraza la Mercosur Brazil ingeweza kutetea katazo kwa hoja ya afya, na haikufanya hivyo. Nchi ikishtakiwa kwenye jumuiya yake ya kikanda kwa kanuni ya afya, hoja ya afya ipelekwe huko huko. Ikinyamaza hapo, ukimya huo utaigharimu baadaye.

Amri za mahakama zilianguka kwa kipimo hicho hicho: kuruhusu matairi yaliyotumika yaingie ili yavishwe ndani kulifuta sehemu ya faida ya katazo na kuwanufaisha wenye viwanda wa nyumbani. Kanuni iliyovuka sharti gumu la ulazima ikashindwa kwa yaliyoning'inizwa pembeni yake.

Hatua ya 5: Rekebisha msamaha, si lengo

Kushindwa kwenye utangulizi hakulazimishi kufuta kanuni. Kesi ya kamba inaonyesha vizuri. Marekani ilizuia kamba waliovuliwa bila kifaa cha kuwatoa kasa wavuni. Mwaka 1998 ilivuka aya (g) lakini ikaanguka kwenye utangulizi: ilidai nchi nyingine zifuate mpango unaofanana kabisa na wake, na ilizipa nchi za Karibi na Atlantiki ya magharibi miaka 3 ya kujiandaa huku walalamikaji wakipewa miezi 4. Ikarekebisha, ikakubali mipango yenye ufanisi unaolingana hata kama si ileile, na ikajitahidi kujadiliana. Malaysia ilipolalamika tena, mwaka 2001 katazo lilisimama.

Brazil ilikuwa na njia mbili: kuwafungia Mercosur au kuwafungulia wote. Upande wa amri za mahakama, ufumbuzi ulitoka ndani: Juni 2009 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilitamka kwamba katazo la matairi yaliyotumika ni halali kikatiba.

Kwenye maadili ya umma chini ya (a), marekebisho huhitaji mkono mwepesi zaidi, kwa sababu msamaha wenyewe unaweza kuwa na haki yake. Umoja wa Ulaya ulipozuia bidhaa za sili kwa sababu ya uchungu wa umma kuhusu mateso ya wanyama hao, uliwaachia Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki, wanaowinda kwa ajili ya riziki. Mwaka 2014 Chombo cha Rufaa kilikubali katazo chini ya (a), kisha kikauliza swali la hatua ya 4: kulinda riziki ya Wainuiti kunapunguzaje mateso ya sili? Masharti ya msamaha yalikuwa na maneno yasiyo na mipaka, na kwa vitendo yaliinufaisha Greenland bila juhudi kama hiyo kwa Wainuiti wa Kanada. Umoja wa Ulaya haukuufuta msamaha. Mwaka 2015 uliufunga kwa lengo lenyewe: uwindaji wa Wainuiti nao sharti ufanywe kwa kujali ustawi wa mnyama. Ukiwa na msamaha usioweza kuuacha, tafuta sharti la namna hiyo, ulichomeke ndani ya msamaha kabla kanuni haijachapishwa.