Kung'oa kapasita kwenye bodi ya TV bila pedi kunyanyuka

Hapa Chake Chake, TV nyingi zinazoletwa kwangu hazikuharibiwa na ule ugonjwa wa kwanza. Kapasita ilivimba, mtu akaing'oa kwa nguvu, na pedi, yaani kile kipande cha shaba mguu unapolehemiwa, ikatoka nayo. Kapasita ni kitu rahisi kubadilisha, pedi si rahisi kuirudisha. Basi tuchukue kazi hiyo hiyo: kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 16, imevimba kichwa kwenye bodi ya umeme ya TV.

Bodi hizi mara nyingi zina shaba upande mmoja tu. Tundu halina mrija wa shaba ndani, kwa hiyo pedi inashikwa na gundi peke yake. Gundi hiyo ikipata joto jingi hulegea. Lakini joto pekee aghalabu halinyanyui pedi. Huinyanyua ukiongeza nguvu, yaani kuvuta mguu ambao bado umeshikwa na lehemu huku gundi imeshalegea. Kila hatua hapa chini inakwepa mambo hayo mawili yasikutane.

Hatua ya 1: Toa umeme. Chomoa TV ukutani. Kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa huweza kubaki na volti 320 hivi hata baada ya kuchomoa. Gusisha miguu yake na nyaya za balbu ya zamani ya wati 60, halafu pima kwa mita mpaka uone volti zimekaribia sifuri. Kisha piga picha ya kapasita mbovu, mstari wa hasi uonekane.

Hatua ya 2: Safisha na ongeza lehemu mpya. Hewa yetu ya bahari huacha kutu na ukungu juu ya lehemu kuukuu, na uchafu huo huzuia joto kupita. Sugua kwa mswaki na spiriti ya isopropili, acha ikauke, paka flaksi. Weka pasi ya kulehemu kwenye nyuzi 330 hadi 350, utumie ncha pana kidogo. Ncha nyembamba kama sindano hukulazimisha kukaa muda mrefu juu ya pedi. Sasa yeyusha lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ya zamani. Wapo wanaoona ni kupoteza lehemu, kwa kuwa wanataka kuitoa. Lakini lehemu ya kiwandani isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi, na yenye risasi ya aina ya 63/37 huyeyuka kwenye 183. Zikichanganyika, kiungo huyeyuka mapema na hubaki majimaji kwa muda mrefu zaidi. Feni isipulize mezani wakati huu, itapoza kiungo. Igeuze ivute moshi kutoka usoni mwako.

Hatua ya 3: Pampu kwanza. Kandamiza pampu ya kunyonya lehemu mpaka ilie. Gusa mguu na pedi kwa pamoja na pasi, hesabu sekunde mbili au tatu, lehemu ing'ae yote. Sogeza mdomo wa pampu karibu kabisa, bonyeza. Usiuegemeze kwenye pedi, maana pampu ikifyatuka hupiga kama nyundo, na pedi yenye moto haivumilii. Ikibaki lehemu, usirudie papo hapo. Acha ipoe nusu dakika, ongeza lehemu mpya, nyonya tena. Mabaki makavu hayanyonyeki.

Hatua ya 4: Utambi wa shaba. Chagua utambi wenye upana wa pedi, upake flaksi. Ulaze juu ya pedi, pasi juu ya utambi, bila kukandamiza. Lehemu ikipanda na utambi kuwa na rangi ya fedha, nyanyua utambi na pasi kwa pamoja, moja kwa moja juu. Ukitangulia kuondoa pasi, utambi hugandia hapo, na ukiuvuta pedi inafuata. Ukigandia, rudisha pasi. Wala usiuburute kama unapangusa meza. Kata kipande kilichojaa, tumia kipya.

Hatua ya 5: Miguu iliyokunjwa. Viwandani miguu mara nyingi hukunjwa ilale juu ya pedi, na hapa ndipo pedi nyingi zinapokufa. Yeyusha lehemu iliyobaki, na ingali majimaji, unyooshe mguu kwa kibano.

Bodi ikishapoa, tikisa kila mguu kidogo. Mguu huru huchezacheza ndani ya tundu. Usipocheza, rudi hatua ya 2. Ikicheza yote miwili, kapasita hutoka kwa vidole. Isipotoka kwa vidole, angalia chini yake, huenda imegandishwa na gundi nyeupe ya kiwandani. Kata gundi hiyo kwa wembe.

Safisha kwa spiriti, kisha pima mwendelezo kutoka pedi hadi kifaa kinachofuata kwenye njia ile ile ya shaba. Mita ikilia, weka kapasita mpya ya mikrofaradi zile zile, volti zisipungue, aina ya nyuzi 105. Isipolia, kwangua rangi ya kijani juu ya njia, ulaze hapo mguu wa kapasita mpya unaohusika bila kuukata mfupi, na uulehemu.