Somo: Kuendesha mashine pepe za VirtualBox kutoka diski ya nje ya USB

Wakuu, kompyuta mpakato ikiwa na GB 256 na Windows pamoja na faili zako zimeshakula karibu zote, Ubuntu ya kujifunzia inakosa pa kukaa. Diski ya nje inaimaliza shida hiyo, ila uwe na diski inayofaa na ujue namna ya kuichomoa. Mfano wetu: mwenyeji ni Windows 11, mgeni ni Ubuntu ya GB 40.

Hatua ya 1: Diski na mlango

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kunakili faili moja kubwa. Mgeni hafanyi kazi hivyo. Anasoma na kuandika vipande vya KB 4 huku na huku. Diski ya kuzunguka inayonakili filamu kwa MB 100 kwa sekunde hushuka chini ya MB 2 kwa vipande hivyo, maana kichwa chake lazima kihame kila mara. Flashi za bei rahisi nazo huganda kabisa kwenye kuandika. Kwangu mimi jibu ni SSD tu.

Halafu angalia mlango. USB 2.0 kiuhalisia haivuki sana MB 40 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA kwenye USB 3.0 hufika karibu MB 400. Nakili faili kubwa: ikigota kwenye 40, badilisha mlango au waya.

Hatua ya 2: Fomati NTFS

FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na VDI, yaani faili iliyobeba diski ya mgeni, hapa inaweza kufika GB 40. exFAT inapokea, ila haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, hivyo waya ukichomoka katikati ya kuandika ni rahisi zaidi kuharibika. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu.

Hatua ya 3: Hamisha mashine

Kwenye Disk Management ipe diski herufi ya kudumu, tuseme V, la sivyo kesho itakuja na herufi nyingine na VirtualBox itasema haioni faili. Kisha mzime mgeni, bofya kulia jina lake, chagua Move na uelekeze V. Usikate na kubandika faili ya VDI kwa mkono. Move inahamisha pia mipangilio na snapshot.

Hatua ya 4: Kuzima na kuchomoa

Hapa ndipo watu wanapoumia. Data inakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya mgeni, ndipo inapita kwa Windows na kufika kwenye diski. Kwa hiyo anza ndani: zima Ubuntu yenyewe, au tumia amri hii kwenye Command Prompt ya Windows:

```
"C:\Program Files\Oracle\VirtualBox\VBoxManage.exe" controlvm "Ubuntu" acpipowerbutton
```

Subiri iandike Powered Off, funga VirtualBox, ngoja sekunde chache VBoxSVC.exe itoke, ndipo uondoe diski kwa Safely Remove Hardware. Windows ikikataa, usilazimishe: zima kompyuta ukiwa umeshikilia Shift, kisha chomoa.

Zima pia kulala kwa kompyuta unapofunga kifuniko. Ikilala, umeme wa USB unaweza kukatwa huku data ya mgeni haijafika yote kwenye diski.

Dalili kwamba mambo yameharibika: Ubuntu inaanza kujibu `Read-only file system` kila unapohifadhi. Acha kazi hapo hapo, mzime mgeni, kisha tengeneza kuanzia kwa mwenyeji, kwenye Command Prompt uliyoifungua kwa Run as administrator:

```
chkdsk V: /f
```

Ikimaliza, nakili VDI pembeni kwanza, ndipo uwashe Ubuntu kwa recovery mode na kuchagua fsck. Ukimtengeneza mgeni wakati diski iliyombeba bado ni mbovu, unaweza kuongeza uharibifu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Windows yangu ipo Quick removal. Si naweza kuchomoa tu?*
Mgeni akiwa amewaka, hapana. Quick removal inahusu akiba ya Windows, haigusi yaliyomo kwenye kumbukumbu ya Ubuntu. Akiwa amezimwa hatari ni ndogo, ila sekunde mbili za kuondoa kwa usalama hazikugharimu kitu.

*Nikifanya Save State nyumbani, naweza kuendelea kwenye kompyuta ya kazini?*
Usitegemee. Hali iliyohifadhiwa inabeba RAM na sifa za prosesa, na prosesa ikiwa tofauti inaweza kukataa kuwaka. Zima kabisa, ukifika kazini chagua Machine, kisha Add, ufungue faili ya .vbox. VirtualBox ya huko isiwe ya zamani kuliko yako.

*Mimi nina diski ya kuzunguka tu, nifanyeje?*
Weka Ubuntu Server isiyo na madirisha, na uipe RAM ya kutosha isianze kutumia swap. Kuwaka itachukua muda, ila ikishatulia utajifunzia amri bila tabu. Windows kama mgeni kwenye diski hiyo, sahau.