Umeona mstari kwenye daladala, kanga au ukutani? Hivi ndo unautafuta wimbo wake

Mi nakusanya kanda na santuri za zamani, kwa hiyo watu wananitumia sana picha za nyuma ya daladala au kipande cha kanga na swali moja tu, "huu wimbo gani?" Nimeona niandike ninavyofanya ili mtu aweze kujitafutia mwenyewe.

Hatua ya 1: chukua mstari kama ulivyo

Piga picha ya kitu kizima, usikate. Kama ni gari angalia maandishi yamepigwa kwa brashi au ni stika, maana stika inachapwa nyingi na kuuzwa kwa yeyote, hiyo haikwambii kitu kuhusu huyo dereva, lakini ya brashi kuna mtu alimwambia fundi "niandikie hivi", na huyo mtu mara nyingi bado yupo kituoni. Kama ni kanga fungua yote, mpaka ukingoni kwenye maandishi madogo. Ukutani piga na kilichoandikwa juu na chini yake.

Halafu nakili herufi kwa herufi pamoja na makosa. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanasahihisha kimoyomoyo kabla hawajaanza kutafuta. Mchoraji aliyeandika SIWAKO badala ya SI WAKO anakuonyesha kwamba aliyatoa kichwani, kayasikia, hajayasoma popote. Na walioandika mashairi ya wimbo huo mtandaoni nao wengi wameandika kwa kusikia, kwa hiyo makosa yao yanaweza kufanana na ya fundi. Andika mistari miwili kwenye simu, wa juu kama ulivyouona na wa chini kama unavyodhani ulitakiwa uwe.

Hatua ya 2: ni wimbo kweli?

Sio kila maandishi ya gari ni wimbo. Kuna methali, kuna aya, kuna jina la mtoto wa tajiri. Wimbo una dalili zake: unamwita mtu ("wee bwana", "mama wee"), unauliza swali, au unakuwa nusu ya sentensi kiasi kwamba aliyeusoma lazima ajue iliyobaki. Methali inajitosheleza.

Kwa kanga hesabu mizani. Tamka silabi kwa vidole, ukipata nane, pumziko, halafu nane, ujue umeshika kitu kilichotungwa kwa kipimo cha shairi, na hapo taarabu ndo pa kuanzia. Haimaanishi lazima iwe taarabu, methali nyingi nazo zina kipimo hichohicho, na hilo tutalirudia kwenye kanga maana ndo mtego wenyewe.

Hatua ya 3: tafuta kwa kipande kigumu, sio kwa mwanzo

Tuchukue mfano. Nyuma ya gari kumeandikwa YULE SIWAKO NAMI SIWANGU. Ukiiandika Google hivihivi bila alama za kunukuu utaletewa mapenzi ya dunia nzima, stetasi, mashairi ya vijana, mawaidha. Weka kwenye alama za kunukuu na upe sura mbili:

```
"yule si wako" OR "yule siwako"
"yule si wako" site:youtube.com
```

Chagua kipande ambacho mtu hawezi kukisema kwa bahati. "Nakupenda" haikusaidii, iko kila mahali. Hapa kilichokaa vibaya ni huo mpangilio wa yule si wako, nami si wangu, hakuna anayeongea hivyo bure. Ukikosa, badili kimoja kimoja: nami iwe na mimi, toa h, badili r iwe l, unganisha na tenganisha. Na komenti za YouTube usizidharau, wazee huwa wanaandika mstari wanaoupenda pale chini, wakati mwingine ndo sehemu pekee mstari huo umeandikwa.

Kwa mfano huu utafika kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ule unaoanza na hasira za nini wee bwana. Usifunge kazi bado. Ukurasa wa mashairi sio ushahidi, kaa usikilize wimbo wote mpaka masikio yako yaupate mstari, na uandike uko dakika ya ngapi. Ukisikiliza nusu tu utajidanganya, maana santuri ndogo za Nairobi za wakati ule ziligawa wimbo mrefu pande mbili, sehemu ya kwanza huku na ya pili huku, na waliopakia mtandaoni wengine wameweka upande mmoja tu. Kwa hiyo kama mstari hausikiki, tafuta toleo refu zaidi kabla hujasema sio wenyewe.

Hatua ya 4: nani hasa kaimba

Hapa pana fujo na mi ndo napapenda. Huo wimbo utaukuta umepakiwa kwa jina la Simba Wanyika, kwingine Super Wanyika, kwingine "zilipendwa mix" bila jina kabisa. Simba Wanyika ilikuwa ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliohamia Kenya. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wakajitoa humo wakaanzisha Les Wanyika hukohuko Nairobi, na Issa Juma aliyeimba nao akaja kutoka naye akawa na Super Wanyika yake. Majina matatu, damu moja, magitaa yanakaribiana, aliyepakia hakujali.

Dawa ni kutafuta picha ya lebo ya santuri yenyewe. Nenda Discogs, tovuti inayoorodhesha santuri, andika jina la wimbo na sio la bendi, fungua picha ya lebo, soma jina la bendi na jina lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo, huyo ndo mtunzi aliyetajwa. Ninavyopima mimi, lebo inaishinda komenti, komenti inaishinda jina la video. Shazam inasaidia ukishapata sauti, lakini inakwambia rekodi gani imetambua, haikwambii nani alikuwa wa kwanza, na wimbo uliorudiwa na bendi za hotelini inaweza kukupa hao wa hotelini.

Kuna nyimbo ambazo hutazikuta Discogs kabisa. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye mikanda ya studio, na nyingine hazikuwahi kutoka kama santuri. Hizo hazina lebo, utategemea kanda watu walizojirekodia redioni na sauti ya mtangazaji anayetaja wimbo, kwa hiyo usiruke zile sekunde za mwanzo anazoongea.

Hatua ya 5: kuuliza watu bila kuwalisha jibu

Ukimwambia mzee "hii si ya Les Wanyika hii?" atakuitikia ndio ili muendelee kunywa kahawa. Fanya hivi: mtamkie mstari, nyamaza. Mwambie "mzee wangu, endelea". Anayeujua wimbo ataendelea na mstari unaofuata, na mara nyingi ataanza kuuimba, na ule mstari wa pili ndo dhahabu, unaupeleka kwenye utafutaji upya. Asiyeujua ataanza kukueleza maana yake. Uliza wawili kila mmoja peke yake.

Konda naye muulize, ila swali liwe "nani alitaka iandikwe hivi?" Akikwambia gari lilinunuliwa likiwa na maandishi tayari, basi hapo njia ya gari imeishia, rudi kwenye wimbo.

Kanga sasa

Kanga ina mambo yake. Yale maandishi makubwa tunayaita jina, na kanga na wimbo vinaazimana kila upande: wimbo wa taarabu ukivuma mstari wake unachapwa, na mtunzi naye anachukua jina la kanga iliyokuwa sokoni anatungia. Kwa hiyo hata ukiupata wimbo hujajua nani kamkopa nani.

Mfano: USITUKANE WAKUNGA NA UZAZI UNGALIKO. Hesabu, nane kwa nane. Tafuta, utampata Bi Kidude na "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo unaohusishwa na mwalimu wake Siti binti Saad, yule wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Wengi wanaishia hapo wanaandika "mstari wa Siti". Lakini hii ni methali, imo kwenye vitabu vya methali, na aliyechapa kanga hakuhitaji kusikia wimbo wowote.

Angalia mwisho wa mstari. Methali wengi wanaisema "ungalipo". Kwenye wimbo mstari wa kwanza unaishia na "sijauramba mwiko", kwa hiyo kina kinataka -ko, ndo "ungaliko" inakaa vizuri. Kanga ikisema ungaliko una sababu ndogo ya kuisogeza karibu na wimbo, ikisema ungalipo kamata methali kwanza. Ni dalili, mtu anaweza kuisema ungaliko nyumbani kwao tangu utotoni.

Umri wa kanga unasaidia, ndo maana nikasema fungua mpaka ukingoni. Pale unasoma mwenye mali: zile za Mombasa zina K.H.E. Mali ya Abdulla, na namba. Za Urafiki, kiwanda cha Dar kilichofunguliwa 1968, haziwezi kuwa za kabla ya hapo. Ukipata kanga ya zamani kuliko rekodi unayoifikiria, basi kanga haikutoka kwenye rekodi hiyo. Kanga mpya haithibitishi chochote, majina yanachapwa upya kila siku, ila wauzaji wazee wa Kariakoo au Biashara Street Mombasa wanaweza kukwambia jina lilianza kuonekana enzi gani.

Ukutani

Hapa uangalie lugha kwanza. "Kasongo yeye" ukiitafuta kwa Kiswahili utachanganyikiwa, ni Kilingala, Orchestra Super Mazembe, Wakongo waliokuwa Nairobi miaka ya 70, na kinachofuata ni mobali na ngai, yaani mume wangu. Watu wanaandika mubali, mobari, tafuta zote. Halafu angalia yameandikwa lini, kwa sababu kuanzia mwisho wa 2024 Kasongo imekuwa utani wa kisiasa Kenya, na kijana mwenye rangi ya kupuliza anaweza kuwa anamtania rais na wimbo wenyewe kaujulia TikTok. Wimbo ni uleule, lakini chanzo cha maandishi ni utani.

Unapomjibu aliyekuuliza

Mtenganishie vitu viwili: mstari huu unasikika kwenye wimbo gani (na dakika), na aliyeandika aliutoa wapi. La kwanza utalipata mara nyingi. La pili bila konda, fundi au mwenye mali huna jibu, andika tu "mstari umo kwenye Sina Makosa, Les Wanyika, aliyeandika hajulikani", na kwa kanga ya wakunga "methali, imo pia kwenye Muhogo wa Jang'ombe". Na mtumie na picha ya lebo, la sivyo kesho atakuja mwingine kumwambia ni ya Simba Wanyika.